Mchele wa fitri uliokuja baada ya swala

Nimekaa na jambo hili siku tatu kabla ya kuandika, manake sikutaka kuandika kwa hasira, na bado naona halijanitoka moyoni.

Asubuhi ya Idi tumeswali uwanjani, khutba imekwisha, watu wanakumbatiana, watoto na nguo zao mpya wanakimbia huku na huku, mashallah. Nikarudi kwa njia nyengine, si ile niliyoendea, kama ilivyo suna, nikapita vichochoro vya Langoni, hapa kwetu Lamu. Hapo nikakutana na kijana anasukuma mkokoteni, juu yake mifuko ya mchele kama kumi hivi imefungwa vizuri. Nikampa mkono wa Idi nikamuuliza mizigo ya nani hii? Akanambia ni fitri, ametumwa aigawe.

Ilikuwa yapata saa tatu. Watu washaswali!

Kijana simlaumu, yeye katumwa tu. Nawasema sisi tunaotuma. Kwa sababu angalia tulivyo makini na mengine ya asubuhi ile. Kuoga kwa Idi wakati wake unaanza nusu ya usiku, na kwa madhehebu yetu ya Kishafi hata asiyekwenda kuswali ni suna aoge, na watu wa Lamu wanaoga kweli, ukitoka swala ya alfajiri unasikia maji kila nyumba. Kanzu imepigwa pasi tangu jana, kofia imefuliwa, udi umefukizwa. Tende tunakula kwa witri kabla ya kutoka, tatu au tano au saba, manake Idi hii haiendewi na njaa kama ile ya kuchinja. Takbira hazijakatika tangu jua la jana lilipozama. Suna zote hizi tunazishika mashallah, na iliyo wajibu, zaka ya fitri, ndiyo tunaiacha ije nyuma na mkokoteni.

Na amri yake iko wazi. Ibn Umar radhi za Allah ziwe juu yake na babake amepokea kwamba Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alifaradhisha zaka ya fitri, pishi ya tende au pishi ya shairi, kwa mkubwa na mdogo, mume na mke, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Na kwa Ibn Abbas tunapata kwamba mwenye kuitoa kabla ya swala ni zaka iliyokubaliwa, na mwenye kuitoa baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyengine. Kishafi wanasema kuchelewesha mpaka baada ya swala ni makuruhu na kuivusha siku yenyewe ya Idi ikazama jua bila udhuru ni haramu, na deni linabaki shingoni pale pale, lazima ulipe. Hata swala ya Idi hii imependekezwa isiharakishwe sana kama ya Idi kubwa, ichelewe kidogo, na sababu wanayoitaja ni hiyo hiyo, watu wapate nafasi ya kutoa fitri.

Wengi wananiambia tatizo ni mwezi. Tunakaa tunasubiri habari ya muandamo, inakuja saa tatu za usiku, duka limejaa watu, mchele wa kupima unaisha, kijana wa kupeleka hapatikani. (Mambo ya mwezi wa wapi na wa wapi sitayaingia leo.) Nakubali usiku ule ni mzito. Lakini mwezi hauzuii kitu hapa. Fitri inawajibika jua la siku ya mwisho ya Ramadhani likizama, ila kwetu sisi Mashafi kuitoa inajuzu tangu mwanzo wa Ramadhani. Asubuhi ya Idi kabla ya swala ndio bora, sawa, lakini kama unajijua huwezi asubuhi basi toa tarehe 27, toa 28, mchele hauozi kwa siku mbili.

Na hesabu yake si ngumu. Mamangu alikuwa akipima kwa kibaba mbele yetu, na sisi tunahesabu kwa sauti. Pishi ni vibaba vinne, kila mtu pishi yake. Nyumba yetu wakati ule tulikuwa saba, baba, mama, watoto wanne na bibi, kwa hivo vibaba 28. Alikuwa akijaza kibaba mpaka mchele unafanya kichuguu juu, halafu hakifuti kwa mkono, anakimimina hivo hivo. Siku hizi watu wanapima kwa kilo, wengine mbili na nusu kwa mtu, wengine tatu kwa kujihadhari, manake pishi ni kipimo cha ujazo na mchele haulingani uzito. Kwa saba ukitoa tatu tatu ni kilo 21. Mtoto aliyezaliwa jua limeshazama hana fitri mwaka huo, aliyezaliwa kabla anayo. Na iwe nafaka, chakula kinacholiwa sana mjini, kwetu mchele. Pakiti ya unga wanazuoni wa Kishafi hawaipitishi.

Wanaotoa pesa wanafuata Mahanafi, nao wana hoja zao, sibishani nao. Ila hata pesa nayo iwahi.

Kinachotuponza hasa ni wakala. Siku hizi mtu yuko Mombasa au Nairobi anatuma pesa kwa simu kwa ndugu yake, ndugu anampa mwenye duka, mwenye duka anampa kijana, na yule wa mwanzo analala usingizi anaona ameshatoa. Hajatoa! Uliyemtuma ni mkono wako tu, ule mchele ukiwa bado kwake ni kama uko chumbani kwako, fitri inatoka shingoni siku inapofika kwa mwenye haki. Kwa hivo piga simu muulize imefika? Imefika kwa nani? Na saa ngapi? Usione haya.

Nasema haya kwa sababu mfuko mmoja wa mkokoteni ule ulikuwa wa bibi mmoja mtaani kwetu, anakaa na wajukuu wawili. Baada ya adhuhuri nikapita na watoto wangu kumpa mkono wa Idi. Mfuko uko pembeni ya mlango, fundo halijafunguliwa. Nikamuuliza, bibi mbona mchele hujaugusa? Akanambia, "Mwanangu, ulikuja nishapika. Jana usiku nilimtuma huyu mjukuu wangu dukani akanikopea vibaba viwili na unga kidogo, nikasema watoto wasiamke Idi hakuna kitu." Hakulalamika. Alimshukuru aliyeleta na akamuombea dua mbele yangu.

Lile deni ndilo linaloniuma. Fitri imewekwa ili mtu kama yeye siku ile asihitaji kuomba wala kukopa, na yeye kakopa usiku wa Idi na haki yake iko stoo ya mtu, imeshapimwa na imeshafungwa.

Tulipoaga akawaita wanangu akawatilia kaimati kwenye sahani, tano tano, za ule unga wa kukopa. Mdogo akataka kukataa kwa vile ameshiba biriani, nikamwambia ale zote.