Bili ya ramani ipunguzie kwenye hifadhidata

Tangu Machi 2025, Google Maps haiwapi tena wenye programu ile dola 200 ya bure kila mwezi. Badala yake kila huduma ina kiwango chake cha maombi ya bure. Kugeuza anwani kuwa nukta ya ramani, kwa mfano, ni maombi 10,000 kwa mwezi, na baada ya hapo dola 5 kwa kila maombi 1,000. Wengi wamelalamikia bei. Mimi naona kinachowaumiza zaidi ni kuuliza swali lilelile kila siku.

Chukua programu ya boda za kusambaza vyakula Dar es Salaam, yenye oda 600 kwa siku. Kila oda inauliza mara mbili: mgahawa uko wapi, na mteja yuko wapi. Kwa siku 30 ni maombi 36,000. Enzi za dola 200 yangegharimu dola 180, kwa hiyo hulipi kitu. Leo unatoa 10,000 za bure, unabaki na 26,000, nayo ni dola 130.

Sasa tazama ile migahawa. Kama ipo 50, nusu nzima ya maombi yako inauliza mahali ambapo hapajahama. Masharti ya Google yanaruhusu kuhifadhi latitudo na longitudo kwa siku 30 mfululizo, kisha uzifute. Uliza mara moja kwa mwezi kwa kila mgahawa, na jumla inashuka hadi 18,050. Bili inakuwa kama dola 40, bila kumgusa mteja hata mmoja. Kitambulisho cha mahali, `place_id`, hakibanwi na siku hizo 30. Hicho kihifadhi upendavyo.

Kwa mteja, mwache aweke pini mwenyewe. Anwani ya "nyuma ya msikiti, geti jeusi" haitafutiki vizuri kwenye huduma yoyote, na nukta iliyotoka kwenye simu yake haikununuliwa kwa mtu, hivyo haibanwi na zile siku 30 za Google.

Ukitaka kuhifadhi majibu ya utafutaji bila ukomo, nenda OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar imechorwa humo kwa kina, kazi iliyosukumwa sana na mradi wa Ramani Huria tangu 2015. Ila seva ya umma ya Nominatim, huduma ya utafutaji ya OpenStreetMap, inairuhusu kila programu ombi moja tu kwa sekunde, na inakutaka uhifadhi majibu ili usirudie; biashara ikikua, weka seva yako.

Usichanganye: nukta uliyoipata Google hairuhusiwi kuonyeshwa juu ya ramani ya mwingine. Na nembo ya Google au maandishi "© OpenStreetMap contributors" pale pembeni yasizibwe. Mara nyingi kinachoyaziba ni kitufe cha "Agiza" kilichowekwa chini ya skrini, na mtengenezaji haoni kwa sababu anajaribu kwenye kompyuta. Fungua kwenye simu ndogo uone.