Safu ya matumizi si mahali pa funzo

Nimeletewa jedwali la methali zilizonakiliwa kutoka kwenye picha za kanga, nami limeniudhi. Safu ziko tatu kama inavyotakiwa: methali, maana ya wazi, matumizi. Lakini safu ya pili na ya tatu zinasema jambo lile lile. Mbele ya "Haba na haba hujaza kibaba", maana ya wazi ni "tuweke akiba kidogo kidogo", na matumizi ni "hutufunza kuweka akiba". Kibaba chenyewe, kile kipimo cha nafaka cha robo pishi, hakimo popote.

Chukua "Kikulacho ki nguoni mwako". Safu ya pili inatosha kusema kwamba kinachokutafuna kimo ndani ya nguo uliyovaa, mdudu kama chawa. Basi. Usaliti usitajwe hapo. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, maana inauliza nani anamwambia nani, na baada ya jambo gani. Mzee anaweza kumwambia mtu aliyeibiwa na wa nyumbani mwake, ili kumzindua aache kuwashuku wapita njia. Sasa iweke methali hiyo kwenye kanga. Hakuna anayesema kitu. Mwanamke anajifunga, anapita mbele ya wifi au jirani, na aliyekusudiwa anasoma mwenyewe. Akilalamika, amejitaja. Hayo ni matumizi mawili tofauti na kila moja lina haki ya mstari wake. Mtu aliyehangaika kupiga picha kanga, kisha akaandika "hutufunza", ameitupa sehemu ile ile ambayo kitabu cha methali hakingempa.

Nakubali kwamba mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anahitaji funzo. Basi liongezewe safu ya nne.

Kunakili nako kuna mitego. Jina la kanga huchapwa kwa herufi kubwa, na doti moja itasoma KI NGUONI, nyingine KINGUONI. Ukiyaandika maneno hayo yalivyo tu, methali moja inakuwa mbili. Mimi ningeipa kila picha namba, nikanakili maandishi yalivyo kando ya namba hiyo, halafu safu ya methali nikaiandika kwa tahajia sanifu na kuipanga kwa alfabeti. Kitambaa kikiwa na mkunjo, herufi za mwanzo hufichika, kwa hiyo neno lisiloeleweka lirudishwe kwenye picha kabla ya kubahatishwa. Na "Mali ya Abdulla" inayoonekana pindoni ni alama ya Kaderdina wa Mombasa, si methali.

Usipojua methali inatumikaje, acha kisanduku wazi, kisha umpelekee picha bibi anayevaa kanga na umwulize angeivaa siku gani, na nani akiwapo. Maneno ya mapenzi na salamu za sikukuu, ambayo kanga zinayo tele, yapewe jedwali lake.