Si kila jino la kahawia ni la muguka

Hapa Malindi ukicheka tu na meno yako ya mbele yana kahawia, watu washakumaliza, huyu mla muguka huyo. Na tangu 2024 kaunti ya Kilifi ilipotaka kupiga muguka marufuku ndo kabisa, kila mwenye madoa ni mraibu. Ajabu ni kwamba bibi zetu kule Lamu wanatafuna tambuu meno mekundu tele na hakuna anayewauliza kitu.

Sasa kuna kijana jirani yangu hapa Maweni, katoka Nakuru kuja kutafuta kazi ya hoteli, cheti anacho, kitaliano anakisukuma hivyohivyo. Kaenda intavyu ya mapokezi, meneja akamtazama mdomoni akamuuliza anatafuna saa ngapi, mwisho akapewa kazi ya dobi, huko nyuma wageni wasikomuona. Huyu kijana miraa hajawahi kuweka mdomoni!

Yale madoa ni ya maji. Bonde la Ufa visima vingi vina floraidi nyingi kupita kiasi, na mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka 8 hivi, ile ngozi ngumu ya jino inatoka na matundu madogo madogo ndani yake. Jino likishatoka ndo linaanza kunyonya rangi, kwa hiyo mswaki utafanya nini? Mtu aliyehamia huko akiwa mkubwa hapati hayo madoa hata anywe pipa.

Kutofautisha wala si kazi. Doa la miraa au chai linakaa pale mswaki unapopita juu juu, kando ya ufizi, katikati ya meno, nyuma, na daktari akikwangua linatoka. La floraidi liko katikati ya uso wa jino, na jino la kulia linafanana na mwenzake wa kushoto, halafu ukichungulia vizuri utaona mistari myeupe kama chaki imekatiza.

Kinachoniuma zaidi, baada ya ile intavyu kijana akaanza kusugua mkaa na ndimu kila usiku, mtu kamwambia eti inang'arisha. Ndimu ni asidi, inalainisha jino, mkaa unamalizia kulikwaruza, doa likabaki palepale na sasa akinywa maji ya baridi meno yanamfa ganzi. Dawa ipo, doa jepesi daktari analisugua juu kwa dawa maalum, lililozama analifunika kwa ile plasta ya rangi ya jino. Yeye kafunikwa mawili ya juu, hela zikaishia hapo. Na hiyo plasta nayo inashika rangi ya chai, inamomonyoka, baada ya miaka kadhaa lazima arudi, na bili ni yake, sio ya yule meneja.