Wateja wako wote gani, nawe hujafungua?

Jioni moja nilikuta kipeperushi kimepenyezwa chini ya mlango. Karatasi nzito, inang'aa, rangi nne, upande mmoja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa tupu: TUNAYO FURAHA KUBWA KUWAKARIBISHA WATEJA WETU WOTE KWENYE UFUNGUZI RASMI. Nikacheka peke yangu. Wateja wenu wote ni akina nani? Mlango haujafunguliwa, hata sufuria haijatelekwa, tayari mna wateja wote!

Kicheko kikakatika nilipofika chini na kuona jina. Mgahawa ulikuwa wa shemeji yangu.

Nilimpigia. "Shemeji, kipeperushi kizuri, ila kichwa chake hakina habari." Akanyamaza kidogo, kisha akasema dizaina alimwambia ndivyo watu wanavyoandika. Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia kwa dizaina, na haijatoka mpaka leo.

Tuanze na jambo ambalo hata rula ingelisema. Kipeperushi cha A5 kina upana wa milimita 148. Ukiacha ukingo wa milimita 10 kila upande, unabaki na 128 za kuandikia. Sasa chukua neno KUWAKARIBISHA, herufi 13. Kwa fonti nene ya kawaida yenye ukubwa wa pointi 48, herufi kubwa moja hula kama milimita 11. Zidisha: 143. Neno moja tu, na limeshatoka nje ya mstari! Dizaina akafanya wafanyavyo wote: akapunguza herufi mpaka sentensi nzima ikaenea, na kichwa kikawa kidogo kuliko picha ya kijiko iliyo chini yake. Kiswahili chetu kinapachika nafsi, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. Utamu wake ndio huo, lakini kwenye karatasi ndogo kila kiambishi kinalipiwa kwa milimita. Kichwa cha kipeperushi kinapenda nomino fupi, na kitenzi kimoja ukibahatika.

Lakini ukubwa wa herufi ndio ugonjwa mdogo. Ugonjwa mkubwa ni kwamba dizaina aliandika kichwa cha mwenye mgahawa, si cha jirani. Furaha ni ya shemeji, na ufunguzi rasmi ni wa shemeji. Jirani anashika karatasi kwa mkono mmoja, mkono mwingine unatafuta ufunguo, na hana habari na furaha ya mtu. Kipimo changu ni rahisi: futa jina la mgahawa, weka jina la mgahawa mwingine wowote duniani. Kichwa kikiendelea kufaa bila kubadilika, ujue hakikusema kitu.

Sasa jirani ana hamu ya kujua nini? Hili nililijua kwa kukaa tu mtaani. Kwa miezi miwili kila mtu alikuwa akipita mbele ya jengo lile, madirisha yamezibwa magazeti, nyundo zinagonga tangu asubuhi, na wanaulizana: hapa panajengwa nini? Zamani palikuwa na duka la vitabu. Maana yake mtaa mzima tayari ulikuwa na swali kichwani, bure, bila shemeji kutoa senti, na yeye akaandika kichwa kisichojibu swali hilo.

Nikamwandikia hiki:

Lile duka la vitabu
sasa ni mgahawa

Hesabu. Mstari wa kwanza, pamoja na nafasi, una herufi 19, wa pili 15. Kwa herufi ndogo za pointi 36, mstari wa milimita 128 hubeba kama 20. Inaenea, imebana kidogo, lakini inaenea. Halafu angalia kilichofanyika: jirani kaambiwa ni nini, na kaambiwa ni wapi, bila anwani na bila ramani. Hilo neno "lile" ndilo linalobeba mzigo wote. Linasema wewe unapajua, mimi napajua, sisi ni wa hapa hapa. Mgahawa wa katikati ya jiji hauwezi kulitumia neno hilo, wa mtaani unaweza.

Chini yake, kwa nusu ya ukubwa, ndipo tarehe: "Tunafungua Jumatatu tarehe 4. Wiki nzima, kila siku supu mpya." Tafadhali usiandike "Jumatatu hii", wala "kesho", wala "wiki ijayo". Kipeperushi hakisomwi siku kilipogawiwa. Kinakaa juu ya friji, kinatumika kama alama ya ukurasa, kinaokotwa siku nne baadaye na mtoto. "Wiki ijayo" ya nani?

Shemeji alitaka pia NUSU BEI iende juu, kwa wekundu. Nilikataa. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nusu bei huleta watu, tena haraka. Ndiyo shida yenyewe. Jiko lina siku moja tangu lizaliwe, wahudumu bado wanatafuta vijiko viko droo gani, halafu unaita umati wote siku ya kwanza, na umati huo umekuja kwa sababu ya bei ambayo wiki ya pili haitakuwepo. Atakayesubiri chakula saa nzima hatakumbuka punguzo, atakumbuka saa. "Kila siku supu mpya" inamwambia mtu kwamba Alhamisi ni njema sawa na Jumatatu, na watu wanatawanyika wenyewe. Punguzo kama lazima liwepo, liwe mstari wa chini kabisa.

Vichwa vya mafumbo navyo, "Una njaa?" na ndugu zake, sina muda navyo. John Caples, aliyeandika matangazo ya kuagiza kwa posta na kuhesabu kuponi zilizorudi, aliweka faida ya msomaji kwanza, habari mpya pili, udadisi mtupu mwisho. Wiki ya ufunguzi inakupa habari mpya bila jasho, kwa nini uiache ukimbilie fumbo?

Kuna mahali ninaposalimu amri. Kama mpishi anajulikana mtaani, jina lake ndilo kichwa, na hata "Karibuni" inatosha kando yake. Mama aliyepika harusi zote za mtaa hahitaji ufundi wangu. Shemeji, kwa heshima zote, hakuwahi kupikia mtu.

Kabla ya kuchapa tulifanya jaribio moja. Nilifunika karatasi yote isipokuwa kichwa na mstari wa chini yake, nikampa jirani asiyejua lolote, nikahesabu mpaka tatu, nikamnyang'anya. Nini? Mgahawa. Wapi? Pale pa vitabu. Lini? Jumatatu, tarehe hakuikumbuka. Tukaikoleza tarehe, tukachapa upya, na zile karatasi za kwanza zinazong'aa shemeji bado anaandikia oda nyuma yake.

Siku ya pili ya wiki ya ufunguzi aliingia mzee mmoja, kipeperushi mkononi, akauliza kama vitabu vilivyobaki bado vinauzwa. Shemeji akanitazama kwa jicho kali kweli. Mzee alipoambiwa vimekwisha, alivuta kiti, akauliza supu ya leo ni gani.