Deni nyuma ya vyeti vya rehema

«Si watu walitoa pesa zao kwa hiari kununua vyeti vya rehema? Luther alikasirikia nini?»

Ndugu uliyeuliza hivyo, makala kuhusu Luther, mtawa wa Wittenberg, na vyeti vya rehema, yaani vyeti vya Kanisa vya kuondolewa adhabu ya dhambi, imeruka jambo moja: deni. Mwaka 1514 Albrecht wa Brandenburg alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mainz, Ujerumani. Tayari alishika majimbo ya kanisa ya Magdeburg na Halberstadt, na hakuwa amefika umri wa miaka 30 uliotakiwa na sheria ya Kanisa. Roma ikakubali, kwa malipo. Mainz yenyewe ilikuwa imezika maaskofu wakuu watatu ndani ya miaka kumi, na kila mrithi alidaiwa upya ada ya Roma, kwa hiyo waumini walikuwa wamekamuliwa vya kutosha. Albrecht akakopa kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg.

Ndipo vikaja vyeti vya rehema vya kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Nusu ya mapato ilikwenda Roma, nusu ikalipa deni, na mawakala wa Fugger walifuatana na wahubiri kusimamia makasha ya pesa. Mnunuzi aliambiwa habari ya ujenzi tu. Hiari gani hiyo?

Frederick, mtawala wa Saxony, alipiga marufuku mauzo kwake (naye alikuwa na masalia yake ya watakatifu yaliyovuta mahujaji), lakini watu wa mji wake wa Wittenberg walivuka mpaka hadi Jüterbog kununua. Luther aliwasikia katika kitubio. Tarehe 31 Oktoba 1517 akamwandikia Albrecht huyohuyo kulalamika, bila kujua kwamba ndiye mdaiwa mwenyewe.