Rafu imejaa, mlango umefungwa

Mwanangu wa miaka sita akisimama mbele ya nafaka za kifungua kinywa hapa Michigan, hatoki. Kuna maboksi yenye asali, yenye mdalasini, yenye tufaha, yenye chokoleti, ya rangi, ya umbo la pete, ya umbo la nyota. Mimi mwenyewe nilipofika nilifurahi kuyaona. Nikasema kweli hii ndiyo nchi ya soko huria, kila mtu anauza chake. Siku hizi nikipita hapo naudhika, kwa sababu nimezoea kugeuza boksi na kusoma maandishi madogo ya anayetengeneza. Unageuza boksi kumi, unakuta majina matatu au manne.

Najua mtakachosema. "Kaka, huku tunahangaika na bei ya unga, wewe unalalamikia wingi wa konfleksi." Nisikilizeni kwanza, maana nataka kuzungumzia huo huo unga wetu. Nyumbani ukienda gengeni ukakuta mifuko mitano ya sembe, mara nyingi unaona watu watano: mwenye mashine wa Manzese, mwingine wa Iringa, mwingine aliyechapisha mifuko juzi tu. Hapa unaona mifuko mingi zaidi na watu wachache zaidi. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoninyima usingizi, na sijaona wenzangu tulioko huku wakiisema.

Nisingeandika kama ingekuwa hisia zangu tu. Battle Creek, mji zilikozaliwa kampuni za Kellogg na Post, uko jimbo hili hili ninaloishi. Mwaka 1972 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki Kellogg, General Mills, General Foods na Quaker Oats. Kampuni hizo nne zilikuwa zimeshika takriban asilimia 90 ya soko la nafaka hizi. Tume haikudai kwamba walikaa chumbani wakapanga bei. Ilidai kwamba, pamoja na mambo mengine, walilijaza soko kwa chapa mpaka mgeni akakosa pa kusimama. Kati ya 1950 na 1972 wazalishaji wakubwa sita walikuwa wameingiza sokoni chapa zaidi ya 80, na kwa karibu kipindi hicho chote hakuna mgeni wa maana aliyeingia.

Mwanauchumi Richard Schmalensee alieleza namna jambo hili linavyofanya kazi mwaka 1978, na maelezo yake hayahitaji shahada. Chukua mtaa mrefu wenye wanunuzi 1,000. Upande mmoja wanakaa wapenda sukari nyingi, upande mwingine wasiotaka sukari kabisa, na kila mtu ananunua kwenye duka lililo karibu na mlango wake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kufungua duka moja, yaani kutoa chapa moja na kuitangaza, kunalipa ukipata wanunuzi zaidi ya 150.

Mwenye mtaa, yaani kampuni iliyotangulia kufika, akiweka maduka matatu yaliyopangwa sawasawa, kati ya duka na duka kuna wanunuzi 333. Mgeni akijipenyeza katikati, anachukua nusu ya nafasi hiyo, kama 167. Inamlipa, kwa hiyo anaingia. Sasa mwenye mtaa anaongeza la nne na kuyapanga upya. Pengo linakuwa 250, na mgeni akiingia anapata 125. Hasara. Anageuza gari, anarudi kwao.

Tazameni lile duka la nne. Halikuleta mnunuzi hata mmoja, wote 1,000 walikuwa wake tayari. Limemgharimu mwenye mtaa sawa na wanunuzi 150, na amekubali kulipa kwa sababu linamlinda dhidi ya mtu ambaye hajafika. Na kwa kuwa nafasi ndiyo inayomzuia mgeni, hana haja ya kushusha bei ili kumtisha. Bei inabaki juu, rafu inapendeza, na mnunuzi anashukuru kwa kupewa uchaguzi. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Mtaniuliza: kwani mgeni hawezi kutengeneza kitu kizuri zaidi? Anaweza, na ilitokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani wengi walianza ghafla kutaka nafaka za asili, granola na jamii yake. Kipande kizima cha mtaa kilikuwa kitupu na wakubwa hawajakiwahi. Wageni wakaingia. Haikuchukua muda wakubwa wakaleta granola zao, wakaziba pengo, na wengi wa wale wageni wakatoka. Kwa hiyo mlango hufunguka ladha za watu zinapohama haraka kuliko mwenye mtaa anavyoweza kuhamisha maduka.

Kesi yenyewe serikali iliishindwa. Jaji aliifuta mwaka 1981, na Januari 1982 Tume ikaifunga kabisa. Ni vigumu kumwambia jaji kwamba boksi la asali lililetwa ili kumzuia mtu, wakati wapo watoto wanaolipenda kwa dhati. General Mills ilikuwa imetoa Honey Nut Cheerios mwaka 1979, na watu wakaipokea kwa mikono miwili. Nia ya kuziba na nia ya kuridhisha mteja zinakaa ndani ya boksi moja, na sheria inataka uzitenganishe.

Ukuta huo nao una ufa. Mwanauchumi Kenneth Judd alionyesha mwaka 1985 kwamba mgeni akishaingia kwa nguvu, mwenye chapa nyingi anaweza kuona heri aiondoe ile iliyo jirani na mgeni, kuliko vita ya bei inayoumiza chapa zake nyingine. Wingi wa chapa unatisha pale tu kuziondoa kunapokuwa na gharama. Na mbali na hoja hiyo, supamaketi zilileta maboksi yenye majina yao, bila matangazo makubwa, kwa bei ya chini. Mwaka 1996 Post ilishusha bei kwa asilimia 20, na Kellogg ikafuata baada ya wiki chache. Bei ile ilikuwa na nafasi ya kushuka muda wote.

Sasa kuna atakayesema nimeshiba ugenini, ndiyo maana nasifia umaskini wa rafu za nyumbani. Hapana, ndugu yangu. Sijasahau unga wenye mchanga, wala mfuko wa kilo mbili usiofika kilo mbili. Ninachojivunia ni kwamba mtu wa Iringa mwenye mashine moja na mkopo wa shemeji bado anaweza kuingia. Unga hauna matangazo ya mabilioni. Lakini tuwe wakweli, bia yetu haiko hivyo. Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Balimi: ukiwa kaunta unaona chupa za kila aina na watu wanabishana ipi bora, zote za Tanzania Breweries. Sidai zilitolewa ili kumzuia mtu, kila moja ina historia yake na wanywaji wake. Nasema atakayetaka kutengeneza ya tano atakuta mtaa umeshapangwa.

Kwa hiyo mkiona wenye viwanda vikubwa vya unga wanaanza kutoa sembe ya watoto, sembe ya wazee, sembe ya asubuhi na sembe yenye vitamini, zote chini ya anwani moja, msishangilie kabla hamjageuza mfuko. Ulizeni chapa mpya imeongeza walaji au imegawa wale wale. Ulizeni bei imeshuka au imesimama. Tume yetu ya Ushindani ina meno ya kuuliza hayo sasa, wakati mwenye mashine wa Iringa bado yumo sokoni na anaweza kutoa ushahidi. Marekani waliuliza wakati chapa 80 zilikuwa tayari rafuni.