Kilo ziliandikwa zote, ila hakuna aliyetoa

Kwenye harusi moja hapa Ujiji juzi, meza nzima ya akina mama ilikuwa inamsifia mwenzao. "Dada umependeza! Umekata mwili jamani, tupe siri." Mama wa watu akacheka, akasema hana siri, chakula tu hakimwendi tangu masika. Wakamwambia ana bahati. Sahani yake ya pilau ilikuwa imechokonolewa pembeni, basi. Nilimvuta nje nikamwambia yangu, na ameniahidi wiki hii anakwenda kupima. Haya ninayoandika ni ya ile meza.

Mtu ambaye hajabadili kazi, hajaanza kufunga wala kukimbia asubuhi, akipungua bila kutaka, huo si urembo. Kipimo wanachotumia waganga hakihitaji shule kubwa: ukipoteza asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, sababu itafutwe. Mwenye kilo 78, asilimia 5 yake haifiki hata kilo 4. Na hamu ya kula ikiwa imeondoka pamoja na hizo kilo, wasiwasi unazidi. Anayepungua huku anakula kama kawaida au zaidi, kwanza atazamwe sukari na tezi ya shingo. Anayepungua huku chakula kinamchukiza ana orodha nyingine: kifua kikuu, saratani, figo au ini lililochoka, moyo, sonona, dawa anazomeza, au VVU.

VVU nimeiweka mwishoni makusudi. Mtaani kwetu ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Mtu akikonda tu wanaanza kunong'ona, naye anajificha. Siku akipata ujasiri akapima na kukuta hana, nyumba nzima inashangilia na hakuna anayeuliza tena. Kwani kilo zimerudi?

Sasa niwape habari ya jirani yetu mmoja, mzee wa miaka 61, aliyekuwa akinunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwasafirisha. Alikuwa na presha, anahudhuria kliniki, na kila akifika anapandishwa kwenye mizani. Daftari lake nimelishika kwa mikono yangu. Machi, kilo 78. Juni, 75. Septemba, 71. Desemba, 68. Imeandikwa vizuri kabisa, kwa kalamu za watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa wa nyuma akatoa. Septemba tayari alikuwa amepoteza kilo 7, yaani asilimia 9 ya mwili wake. Unajua alichoambiwa siku hiyo? "Presha imekaa vizuri baba, hongera, endelea hivyo hivyo." Presha ingeachaje kushuka? Mwili ukipungua nayo hupungua. Akarudi nyumbani na vidonge vilevile vya presha, akawa akisimama kizunguzungu kinamshika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba muuguzi mwenye foleni ya watu tangu alfajiri hana muda wa kusoma historia. Lakini hesabu ya kutoa ni ya darasa la pili.

Alipoanza kulalamika tumbo, akapewa jina tunalolipenda sote: vidonda vya tumbo. Kabla ya hapo alishatibiwa taifodi, maana huku kwetu hakuna anayetoka maabara bila taifodi. Akaanzishiwa omeprazoli. Maumivu yakatulia, watu wakaona dawa imefanya kazi. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Dawa za kupunguza asidi zinaweza kutuliza hata tumbo lenye saratani, na kidonda cha saratani chenyewe kinaweza kufunika juu kwa muda kikaonekana kinapona. Kwa hiyo maumivu kuisha si ushahidi wa lolote. Cha kutazama ni mizani, na mizani ya mzee iliendelea kushuka.

Ukimuuliza vizuri, na mkewe ndiye aliyekuwa na majibu, dalili zilikuwepo zote. Tonge tatu za ugali wa muhogo na ameshashiba. Hiyo haikuwa kususa chakula cha mke. Ukuta wa tumbo ukishakakamaa hautanuki, mtu anajaa mapema. Nyama aliyokuwa akiipenda ilianza kumtia kinyaa. Choo kilikuwa cheusi kama lami mara mojamoja, yaani damu inavuja kidogo kidogo juu huko. Akawa anahema akipanda kilima cha kutoka mwaloni, tukasema uzee. Damu ilipokuja kupimwa ilikuwa 7.9, wakati mwanamume mzima anatakiwa asipungue 13. Mwanamume wa umri ule haishiwi damu hivihivi. Mtu aitafute inapotokea.

Akapewa rufaa Mwanza, kamera ikapitishwa mdomoni hadi tumboni, wakakata vinyama vya kupima. Saratani ya tumbo, na ilishafika kwenye ini. Upasuaji wa kuiondoa haukuwa na maana tena. Mtu mzima mwenye maumivu ya tumbo pamoja na kupungua uzito, kushiba upesi, kuishiwa damu au chakula kukwama anapomeza, kipimo chake ni kamera. Vidonge pekee havitoshi, na paketi ya pili ndiyo haitoshi kabisa.

Na tafadhali, acheni kuwagombeza. "Hujilazimishi kula!" Mwili wenye uvimbe au maambukizi ya muda mrefu unatoa kemikali zinazokwenda kwenye ubongo na kuzima njaa, huku zikila misuli. Uji wa lishe mpikieni, ni vizuri, ila uji hautafuti ugonjwa. Mzee asiye na meno naye hupungua, kweli. Aliyefunga Ramadhani pia. Ila wa Ramadhani anarudisha kilo zake baada ya Idi, na wa meno njaa anaisikia.

Mizani nayo inadanganya. Maji yakijaa tumboni au miguuni, kilo zinaweza kubaki palepale wakati nyama imeisha. Tazama mabega, mapaja, na mashimo pembeni ya paji la uso.

Siwatishi kwamba kila aliyekonda ana saratani. Kwetu huku kifua kikuu lazima kiulizwe kila mara, na kinaweza kuja bila kikohozi cha maana, mtu ana homa za jioni na jasho la usiku tu. Makohozi yanapimwa bure kwenye vituo vya serikali, dawa ni bure, na kile cha kawaida kinatibiwa kwa miezi 6. Wapo pia wanaopimwa kila kitu pasipatikane kitu. Hao hawaambiwi "uko sawa" wakaishia hapo. Wanapimwa uzito tena baada ya miezi michache, na ukiwa umeshuka zaidi, msako unaanza upya.

Ukifika kwa daktari usiseme "mwili hauna nguvu", utapewa vitamini. Sema: "Mwezi wa tatu nilikuwa na kilo hizi, leo nina hizi, na hamu ya kula sina tangu wakati fulani." Beba daftari la zamani na kila dawa unayomeza, pamoja na za asili. Huna mizani? Onyesha tundu la mkanda ulilokuwa ukifungia mwaka jana na la leo. Wewe mama wa harusini, beba na lile gauni ulilopunguza kwa fundi pale Mwanga.